Mlango wa kwenda mjini na mlango wa kurudi: kisa cha duka moja barabara ya Fuoni

Mtoto wa ami yangu alifungua duka la vyakula vya jikoni barabara ya Mwanakwerekwe kwendea Fuoni, hapa Zanzibar. Aliuza mchele, unga, sukari, mafuta, nazi, tungule, vitunguu na viungo. Mtaji wake ulikuwa shilingi 4,000,000. Nusu aliipata alipotokewa na mchezo wa kina mama wenzake, na nusu aliuza bangili mbili za dhahabu alizopewa alipoolewa. Nataja bangili kwa sababu nilikuwepo siku zilipopimwa kwa sonara, na tangu siku ile duka hili limenikaa moyoni kama langu.

Mimi mwenyewe nimekaa dukani Kikwajuni miaka 14. Alipokuja kunitaka ushauri alikuwa ameshalipa kodi ya mlango miezi sita, shilingi 150,000 kwa mwezi. Akaniambia, "Kaka, watu pale hawahesabiki. Asubuhi huwezi kupita." Nikamuamini bila ya kwenda kutazama, na kosa hilo ni langu.

Mlango ule ulikuwa hatua chache kutoka kituo cha daladala, upande wa gari zinazokwenda mjini. Kweli asubuhi kituo kilijaa. Kuna wafanyakazi wa serikali wanaotakiwa ofisini saa 1:30, wanafunzi wa skuli wa mkondo wa asubuhi, mafundi na mabegi yao, na kina mama wanaoshuka sokoni. Akafungua duka saa 12 asubuhi kila siku ili awahi umati ule.

Miezi mitatu baadaye tulikaa na daftari lake. Alikuwa akiandika kila mteja na alichonunua, jambo ambalo wengi hawafanyi na ndilo lililomuokoa. Kwa wastani alipata wateja 41 kwa siku. Mteja mmoja alinunua kitu cha shilingi 3,200 hivi, na baada ya kutoa bei ya kununulia, faida ilikuwa shilingi 400. Kwa siku ni 16,400, kwa mwezi 492,000. Tukaandika upande wa pili. Kodi 150,000, kijana wa kumsaidia 150,000, usafiri wa mzigo kutoka mjini 90,000, umeme wa tukuza 30,000, na vilivyooza na kumwagika 75,000. Jumla 495,000. Kwa hivyo alikuwa akifanya kazi saa 12 kwa siku, na mwisho wa mwezi alikuwa ametoa shilingi 3,000 mfukoni mwake. Yeye mwenyewe hakuwa amejilipa hata senti.

Alidhani bei zake ni kubwa. Nikamwambia asiguse bei mpaka tujue kwanza nani anapita pale na anapita na nini mkononi.

Siku ya Jumatatu nikakaa naye barazani. Nilinunua tasbihi ya kubonyeza, ile ndogo ya kuvaa kidoleni, nikabonyeza mara moja kwa kila mtu aliyepita mbele ya mlango. Yeye alikuwa na karatasi, akiandika waliosimama kununua chochote katika milango minne ya upande ule. Kati ya saa 12:30 na saa 1:30 walipita watu 384. Waliosimama ni 11. Wanane kati yao walitaka vocha, maji au maandazi kwa jirani. Watatu tu ndio waliokuja kwetu, na mmoja alitaka chenji.

Ukiwatazama watu wale kwa karibu sababu unaiona. Mtu anayekwenda kazini anaiangalia barabara, haangalii duka. Masikio yake yako kwa utingo anayeita. Hata akikumbuka kwamba nyumbani hakuna sukari, hawezi kununua kilo mbili akashinda nazo ofisini. Nazi ataibeba kwenda nayo wapi? Mfuko wa mama anayekwenda sokoni ni mtupu, na fedha aliyonayo ameshaipangia soko. Umati ule ulikuwa wa kweli, ila haukuwa umati wa mchele na tungule.

Tukarudi jioni ya siku ile ile. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30, kwa hiyo gari za kurudi huanza kujaa kuanzia saa 10. Tulihesabu kutoka saa 10:30 mpaka 11:30. Mbele ya mlango wetu walipita watu 70. Tukavuka barabara, na kesho yake kwa saa ile ile tukahesabu upande wa pili, ambako gari zinazotoka mjini hushusha. Walipita 411, na 46 wakasimama kwenye duka moja au jengine. Wengi wao walikuwa na mifuko mkononi tayari, wakiongeza kitu kilichopungua: nyanya za kopo, ndimu, kilo ya unga, kopo la maziwa kwa mtoto.

Nchini mwetu gari zinakwenda kushoto. Hilo kila mtu analijua, lakini ni wachache wanaolitumia wanapochagua mlango. Maana yake ni kwamba kila barabara inayoingia mjini ina upande wa watu wanaokwenda na upande wa watu wanaorudi, na pande hizo ni kama soko mbili tofauti zilizotenganishwa na lami ya mita chache. Upande wa kwenda ni wa chai, uji, maandazi, chapati, vocha, kalamu za wanafunzi. Upande wa kurudi ni wa chakula cha kupika, dawa ya mbu, sabuni, nepi, samaki wa kukaanga, mkate wa usiku.

Nilimuuliza kwa nini wale wanaoshuka ng'ambo wasivuke waje kwake. Mimi mwenyewe nilidhani watavuka. Basi tukakaa tukawatazama. Mama mmoja alishuka na mtoto mgongoni na mfuko wa samaki. Alitazama upande wetu, boda mbili zikapita kwa kasi, akageuka akaenda zake. Kisha nikaona jambo jengine ambalo ukipita kwa gari hulioni: upande wetu kulikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua, na daraja lake lilikuwa bapa moja tu la zege, hatua 12 kutoka mlangoni. Anayevuka barabara anapaswa aende mpaka kwenye bapa, arudi nyuma mpaka dukani, kisha njia ile ile tena. Kwa kopo la nyanya hakuna anayeifanya safari hiyo, na wakati wa masika, mtaro ukifurika, hata bapa halionekani.

Tukakubaliana ahame. Kodi ya miezi miwili ilikuwa bado imebaki, lakini kukaa kungemla zaidi.

Upande wa kurudi kulikuwa na milango miwili yenye nafasi. Mmoja ulikuwa wa kodi ya 80,000, wa pili wa 170,000 na juu yake kilemba, yaani fedha anazolipwa mpangaji anayetoka ili akuachie mlango. Kwa mtu aliyekwisha kuumia, ule wa 80,000 ulivutia sana, na ulikuwa mpya, umepakwa rangi, na una sakafu ya vigae. Umbali kati ya milango miwili hiyo haufiki hatua 50. Lakini baina yao kuna mdomo wa uchochoro unaoingia mtaani, na karibu kila anayeshuka kituoni huingia uchochoro ule. Mlango wa 170,000 uko kati ya kituo na uchochoro. Mlango wa 80,000 uko baada ya uchochoro. Nikavaa tena tasbihi yangu, nikakaa mbele ya ule mpya saa nzima ya jioni. Walipita watu 52. Hatua 50 tu ndizo zilizowapunguza kutoka 411.

Binti ami yangu hakuridhika haraka. Akasema tofauti ya kodi ni 90,000 kila mwezi, ni fedha. Ni kweli ni fedha, kwa hiyo tukaigawa. Shilingi 90,000 kwa siku 30 ni 3,000 kwa siku. Mteja wake mmoja anamuachia faida ya 400. Basi mlango wa ghali unahitaji wateja 8 zaidi kwa siku ili ulipe tofauti yake wenyewe. Swali likawa: mlango unaopitwa na watu 359 zaidi kwa saa moja tu ya jioni, utashindwa kumletea wateja 8 zaidi kwa siku nzima? Hapo akaridhika.

Sasa nije kwenye kilemba, maana hapa ndipo watu wengi wa kwetu hupoteza mtaji wao kabla hawajauza hata kilo moja.

Aliyekuwa ndani ya mlango ule alikuwa mpangaji, fundi wa simu aliyetaka kuhama. Alitaka kilemba cha shilingi 1,500,000. Hoja yake ni kwamba mlango ameuzoesha watu, na rafu na kaunta kaziweka yeye. Kilemba ni desturi ya zamani kwetu na sina ugomvi nacho. Mtu aliyejenga kitu anastahiki kulipwa kwa alichokijenga. Shida ni kwamba kilemba anapokea anayetoka, na haki ya kukaa anatoa mwenye nyumba, nao ni watu wawili tofauti. Ukimlipa wa kwanza kabla ya kukubaliana na wa pili, umenunua rafu zilizomo ndani ya nyumba ya mtu asiyekujua.

Tukamuomba fundi atupeleke kwa mwenye nyumba. Akatupeleka kwa kaka mmoja ambaye yeye humpelekea kodi kila mwezi. Mazungumzo yakawa mazuri, akatuletea mkataba uliochapwa, karatasi moja. Nilimuuliza kwa adabu, "Samahani kaka, nyumba hii ni yako au ya wazee?" Akasema ni ya marehemu baba yao. Nikauliza kama mirathi imegawiwa. Akasema bado, wapo ndugu watano, na dada zao wawili wako Pemba.

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, nalitaka hili lieleweke. Alikuwa akikusanya kodi na kuigawa kwa ndugu zake kwa uaminifu. Lakini nyumba ya mirathi ambayo haijagawiwa ni ya warithi wote, na sahihi ya mmoja haiwafungi wanne waliobaki. Akitokea ndugu mmoja anataka kuuza fungu lake, au kuweka biashara yake mwenyewe pale, mpangaji ndiye wa mwanzo kutolewa, na kilemba chake hakuna wa kumrudishia. Mirathi ikiwa imepitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kuna karatasi inayosema nani msimamizi, na hapo kazi ni nyepesi. Hapa haikuwa imepitia.

Tulichofanya ni kuwaomba ndugu wote watano waandike barua moja ya kumpa kaka yao uwezo wa kupangisha mlango ule na kupokea kodi kwa niaba yao. Wale wa Pemba walitia sahihi barua yao huko na kuituma kwa boti. Sheha akashuhudia. Ilichukua siku 16. Fundi wa simu alikasirika akasema kuna mtu mwengine ana fedha taslimu anangoja. Tukamwambia kama yupo na ampe, sisi hatulipi kabla ya barua. Hakuwapo.

Barua ilipopatikana, tukarudi kwenye kilemba kwa utulivu. Tulipitia vitu vilivyomo kimoja kimoja: rafu nne za mbao, kaunta moja yenye kioo, geti la chuma, na waya wa umeme aliouvuta mwenyewe. Tukaviandika kwenye karatasi na bei zake, ikafika 620,000. Akaomba tuongeze kidogo kwa kuuzoesha mlango. Tukamalizana kwa 700,000. Zililipwa siku aliyokabidhi funguo, baada ya mkataba na warithi kutiwa sahihi, na baada ya kuhakikisha mita ya tukuza haina deni na maji yamelipwa. Kuangalia deni la mita ni jambo la dakika tano, nunua umeme wa shilingi elfu moja uone kama kuna kinachokatwa kwa ajili ya deni.

Kwenye mkataba tuliomba mambo mawili yaandikwe ambayo karatasi ya mwanzo haikuwa nayo. La kwanza, muda uwe miaka miwili na kodi isipande ndani yake. La pili, ikiwa warithi watauza, wampe notisi ya miezi mitatu. Walikubali yote mawili. Ukiwaomba watu kwa uwazi mapema, wengi hukubali. Wanaokataa wakati huo ni afadhali umejua.

Upande wa vibali nitaeleza yale tu yaliyotukuta, maana wengi wanadhani leseni ni ya mtu na anaweza kuhama nayo kama kitambulisho.

Leseni yake ya mwanzo, aliyopewa na manispaa, ilikuwa na aina ya biashara na mahali pa biashara. Kuvuka barabara kulikuwa ni kubadili mahali. Na zaidi ya hayo, barabara yenyewe pale ndiyo mpaka wa shehia, kwa hiyo alipovuka aliingia kwa sheha mwengine. Ilibidi aanze tena na barua: akaenda kwa sheha mpya na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi, mkataba mpya na leseni ya zamani, akapata barua ya utambulisho, kisha akaipeleka Baraza la Manispaa Magharibi B. Hatukuwa na haja ya kwenda kusajili jina kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa sababu anafanya biashara kwa jina lake mwenyewe. Angetaka kubandika jina jengine juu ya mlango, hapo angelazimika kulisajili kwanza.

Kwa kuwa anauza chakula, afisa wa afya alikuja kukagua. Alitazama mambo ambayo ukiyajua kabla unayatengeneza kwa siku moja. Magunia ya mchele yalikuwa chini sakafuni, akataka yawe juu ya mbao, na yaachane na ukuta ili panya na unyevu vionekane. Unga ulikuwa karibu na mafuta ya taa na sabuni ya unga. Hilo alilikataa kabisa, na ni haki, maana unga hunyonya harufu. Akataka pipa la taka lenye kifuniko. Tuliyafanya, akarudi baada ya siku tatu akapitisha. Malipo yote yalikuwa kwa namba ya malipo, benki au simu, hakuna aliyepewa fedha mkononi. Akikwambia mtu nipe mimi nitakulipia, omba namba ya malipo ulipe mwenyewe.

Kodi za serikali zinawachanganya watu kwa sababu Zanzibar tuna mamlaka mbili. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na inakusanywa na TRA, ndiko alikochukua namba yake ya mlipakodi. ZRA, ambayo zamani tukiiita ZRB, ina kodi zake, ikiwemo ile ya ongezeko la thamani ambayo duka dogo kama hili halijafika kwake. Alikwenda TRA na daftari lake. Mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kwa mauzo, na asiye na kumbukumbu anakadiriwa kwa macho ya mkadiriaji, anayeona rafu zimejaa. Daftari la shilingi 2,000 lilimfanya aongee kwa tarakimu zake mwenyewe.

Ulibaki mlango wa zamani na kodi ya miezi miwili, shilingi 300,000. Mwenye nyumba alisema mkataba hauna sharti la kurudisha, na ni kweli haukuwa nalo. Hapo ndipo nikakumbuka wale 384. Wale watu walikuwa na njaa na haraka. Kuna mama jirani aliyekuwa akiuza chai, maandazi na vitumbua nyumbani kwake ndani ya mtaa, mbali na barabara. Tukamwambia auchukue mlango, alipe miezi miwili kwa mtoto wa ami, na mwenye nyumba akakubali kumuandikia mkataba wake kuanzia hapo.

Mama yule alidhani atatumia leseni iliyokuwa imetundikwa ukutani. Tulimkataza. Ile ilikuwa ya duka la vyakula vikavu kwa jina la mtu mwengine. Anayepika na kuuza chakula kilicho tayari ana masharti yake, ikiwemo kupima afya yeye na wanaomsaidia, maji ya kunawa, na pahala pa kumwaga maji machafu pasipokuwa mtaro wa barabara. Alishughulikia mwenyewe, akafungua baada ya wiki tatu. Sasa anafungua saa 11:30 alfajiri na kufunga saa 4 asubuhi, vitumbua vikiwa vimekwisha. Mlango ule ule uliomfilisi mmoja unamlisha mwengine, na kodi ni ile ile.

Duka likahama katikati ya mwezi wa Shaabani. Siku za mwanzo mauzo yalipanda polepole, kisha Ramadhani ikaingia na kila kitu kikabadilika. Mchana kutwa barabara ilikuwa kimya. Kuanzia baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi duka lilijaa mpaka nje: nazi, tambi, sukari, ndizi mbichi, muhogo, iliki. Alifika wateja 130 kwa siku. Alinipigia simu akilia kwa furaha, na mimi nikafurahi naye. Lakini nilipaswa kumwambia jambo wakati ule ule na sikulisema kwa nguvu ya kutosha.

Mwisho wa Ramadhani alinunua mzigo kwa kipimo cha wateja 130. Alichukua nazi 300, mikungu minane ya ndizi na magunia ya muhogo. Sikukuu ikapita, na katika Mfunguo Mosi watu hawakutaka kuona muhogo. Wiki ya pili nilipokwenda nilisikia harufu kabla sijaingia. Nazi zilikuwa zimeanza kutoa unyevu kwenye macho yake, dalili kwamba ndani zimechacha. Ukiitikisa nazi iliyochacha maji yake husikika machache na mazito, na akiipasua mteja mbele yako huwezi kumkatalia kuirudisha. Alipoteza karibu 180,000.

Tangu hapo tumekubaliana kwamba mwezi wa Ramadhani una ukurasa wake katika daftari na hauingii katika wastani wa mwaka. Vivyo hivyo siku tatu kabla ya sikukuu.

Mwezi wa nne katika mlango mpya, siku za kawaida, wateja walitulia kwenye 78 kwa siku. Faida kabla ya gharama ikawa 936,000 kwa mwezi. Gharama ni 520,000, na ndani yake mna kodi mpya ya 170,000. Zilizobaki ni 416,000. Kwa mara ya kwanza alijilipa mshahara, 200,000, na nyingine akazirudisha kwenye mtaji. Saa za kazi nazo zimebadilika: hafungui tena saa 12 asubuhi. Anafungua saa 2, anapumzika mchana kijana akishika, na yeye mwenyewe yuko kaunta kuanzia saa 10 mpaka saa 3 usiku, taa mbili kubwa zikiwaka nje, maana anayeshuka gari gizani huenda kwenye mwanga.

Jambo moja bado halijakaa sawa. Alitoa vyombo barazani, matenga ya vitunguu na tungule, mpaka yakafika kwenye eneo la barabara. Mauzo ya tungule yaliongezeka mara moja, kwa sababu mtu huona rangi kutoka kituoni. Lakini eneo lile ni hifadhi ya barabara, na kuweka bidhaa au banda hapo si haki inayotokana na leseni ya duka wala na mkataba na warithi. Alipewa onyo la kuondoa. Aliondoa siku ile ile na kujenga rafu ya mteremko ndani ya baraza lake mwenyewe, tungule zikiwa juu kabisa. Zinaonekana, ila si kama mwanzo, na yeye anaona amepoteza.

Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba wamepita watu na rangi wakiweka alama za kituo cha daladala mbele zaidi, kama hatua 80 kuelekea Fuoni, baada ya mdomo wa uchochoro. Kituo kikihamia huko, wanaoshuka watarudi nyuma kidogo tu kuingia uchochoroni na hawatafika kwake, na ule mlango wa 80,000 wenye vigae ndio utakaokuwa kati. Nilimuuliza kama bado una nafasi. Akasema upo. Jumatatu jioni nakwenda na tasbihi, gari zikianza kusimama kwenye alama mpya, na mkataba wake nitakuwa nao mfukoni tusome tena kile kifungu cha muda wa miaka miwili.